Dizeli au umeme: hesabu ya mashine ya kusaga kwa miaka kumi

Injini ya dizeli ya kuzungusha kinu cha kusagia mahindi, ikinunuliwa na kufungwa kwa shilingi milioni 3, katika kijiji chenye wateja wa kadiri itakunywa dizeli ya zaidi ya milioni 3.6 kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Mwaka wa pili itakunywa tena kiasi hichohicho, na wa tatu, na wa nne. Bei uliyobishania dukani nusu siku ni kipande kidogo cha fedha utakazotoa. Pamoja na hayo, vikundi vingi huchagua mashine kwa kuangalia bei hiyo peke yake, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kupanga gharama zote za mashine tangu siku ya kununua hadi siku ya kuiondoa, kisha kulinganisha mashine mbili kwa haki. Nimechagua jambo moja linalosumbua vijiji vingi vya Tanzania tangu nyaya za umeme zilipoanza kuwafikia majirani: kinu kiendeshwe kwa injini ya dizeli, au mota ya umeme wa njia tatu? Bei nilizotumia ni za mfano, karibu na zile utakazozikuta sokoni. Weka za kwako mahali pake. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Weka kazi kwanza, mashine baadaye

Kosa linaloharibu hesabu nyingi hutokea kabla hata kalamu haijagusa karatasi, pale watu wanapolinganisha mashine badala ya kulinganisha kazi. Huwezi kusema dizeli ni ghali au umeme ni rahisi mpaka useme ni kilo ngapi zitasagwa na kwa miaka mingapi. Kwa hiyo andika juu kabisa ya karatasi: kilo 300 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, miaka 10. Kilo 300 ni kama debe 15 au 16 za mahindi. Kwa mwaka ni kilo 90,000. Mashine zote mbili lazima zibebe kazi hiyohiyo kwa muda huohuo.

Kisha futa kila kitu kinachofanana pande zote mbili. Kinu chenyewe, nyundo zake, chekeche, mikanda, banda na mshahara wa mwendesha mashine vitakuwepo uchague dizeli au umeme. Ukivijumlisha hukosei, ila unajichosha bure na kufunika tofauti unayoitafuta. Tutahesabu yale tu yanayotofautiana.

Siku ya kununua

Upande wa dizeli ni mfupi. Injini ya silinda moja ya nguvu farasi 24, ya kuwasha kwa hendeli, tuiweke milioni 2.6. Usafiri, msingi wa zege na fundi wa kuifunga, laki 4. Jumla milioni 3.

Upande wa umeme una mambo mengi zaidi. Mota ya kilowati 15, milioni 2. Starta ya staa-delta pamoja na kinga ya mota isiungue mkondo ukizidi au njia moja ya umeme ikikatika, laki 7. Nyaya za ndani na ufundi, laki 5. Halafu linakuja fungu zito: kuvuta laini ya njia tatu kutoka ilipoishia mpaka bandani kwako. Katika mfano wetu TANESCO wamepima na kuandika milioni 9. Jumla milioni 12.2.

Tofauti ya siku ya kwanza ni milioni 9.2. Hapa ndipo wengi hufunga daftari na kwenda kununua injini. Nawaelewa, maana milioni 9.2 ni fedha ya kweli na iko mbele ya macho, ilhali dizeli ya mwaka wa saba haionekani.

Usikubali makadirio ya mdomo kuhusu laini. Tofauti kati ya banda lililo chini ya nguzo na banda lililo mita mia kadhaa mbali ndiyo inayoweza kugeuza hesabu nzima, na kijiji kuwa na umeme hakumaanishi kwamba umeme huo ni wa njia tatu. Laini nyingi za mitaani ni za njia moja, zinazotosha taa na friji lakini haziwezi kuendesha mota ya kilowati 15. Inua macho uhesabu nyaya kwenye nguzo, halafu omba karatasi ya gharama iliyopigwa mhuri kabla hujagusa mota yoyote dukani.

Kila saa inayozunguka

Kinu cha ukubwa huu hutoa unga laini kama kilo 250 kwa saa nyundo zikiwa kali. Kilo 90,000 zinahitaji basi saa 360 za kusaga kwa mwaka.

Mota ikibeba mzigo wa kawaida huvuta kama uniti 12 kwa saa. Mara saa 360 ni uniti 4,320. Ukinunua umeme wa LUKU kwa kiwango cha matumizi ya jumla, shilingi 1,000 hutoa karibu uniti 2.8, kodi na tozo zikiwemo, yaani kama shilingi 357 kwa uniti. Mwaka mzima ni 1,542,000.

Injini ya dizeli kwa mzigo huohuo hutumia kama lita 3.2 kwa saa, ambazo kwa saa 360 ni lita 1,152. Lakini hapo kuna kitu ambacho karatasi ya muuzaji haisemi. Injini ya hendeli haizimwi kila mteja anapoondoka. Mwendesha mashine akimaliza debe la mama mmoja na kumwona mwingine anakuja kwa mbali, anaiacha ingurume, kwa sababu kuizungusha upya ni kazi ya mabega. Mota ya umeme huzimwa kwa kidole. Tuseme injini inanguruma bure saa 120 kwa mwaka, ikinywa lita 0.6 kwa saa: lita 72 nyingine. Jumla lita 1,224. Bei ya dizeli chukua ile ya kufika kijijini. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, lakini wewe huinyweshei injini mjini. Ongeza nauli ya bodaboda na madumu. Nimeweka shilingi 3,000 kwa lita, na mwaka mzima unakuwa 3,672,000.

Namba hizi mbili, uniti kwa saa na lita kwa saa, ndizo moyo wa hesabu, na unaweza kuzipima mwenyewe bila chombo cha gharama. Nenda kwenye kinu kinachofanana na unachotaka. Kama ni cha umeme, soma LUKU, saga kilo 100 zilizopimwa kwenye mizani, soma tena. Tofauti zaidi ya uniti 5 hivi kwa unga laini inaashiria nyundo zilizochakaa, chekeche lililoziba au mahindi mabichi. Kama ni cha dizeli, jaza tanki hadi ukingoni, saga gunia tano zilizopimwa, kisha jaza tena hadi ukingo uleule kwa chombo chenye alama za lita. Pima kwa gunia kadhaa, kwa sababu kwa gunia moja kosa dogo la kujaza tanki hugeuka kosa kubwa la hesabu. Usitumie nguvu farasi iliyochapwa kwenye kibao cha injini kukadiria mafuta: kibao husema inachoweza kutoa, hakisemi unachokiomba itoe.

Matengenezo, ya kila mwaka na ya mara moja

Matengenezo yana sura mbili na ni vizuri kuyatenga. Yapo yanayorudi kila mwaka, na yapo yanayolala miaka mitano kisha yanaamka siku moja na kudai laki kadhaa.

Injini yetu inazunguka saa 480 kwa mwaka, ukijumlisha zile za kunguruma bure. Oili ikibadilishwa kila saa 100, ni mara tano, lita 4 kila mara, kwa shilingi 9,000 lita moja: laki 1 na elfu 80. Filta, kusafisha nozo, gasketi na fundi, weka laki 2 na elfu 20. Jumla laki 4 kwa mwaka. Baada ya saa kama 3,000, yaani mwaka wa sita, injini itahitaji kufunguliwa: ringi, pistoni, laina, beringi na siku mbili za fundi. Weka laki 9. Utajua wakati umefika inapotoa moshi wa bluu, inapokula oili kati ya mabadiliko mawili, na inapokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Vumbi la banda la kusagia huharakisha siku hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kichujio cha hewa kisiposafishwa, ringi huisha mapema sana.

Mota haidai mengi. Grisi, kukaza viungio vya nyaya, kontakta za starta na fundi umeme, laki 1 kwa mwaka. Lakini nimeweka laki 6 katika mwaka wa tano kwa ajili ya kufunga koili upya, na sitaki mtu aifute akidhani mota haiungui. Inaungua, na mara nyingi sababu ni umeme wenyewe. Njia moja kati ya tatu ikikatika, mota inanguruma bila kuzunguka, au ikiwa tayari inazunguka inaendelea huku ikichemka mpaka koili zinatoa harufu. Ndiyo kazi ya ile kinga ndani ya starta, na anayeiondoa ili kuokoa laki 2 siku ya kufunga anajinunulia gharama ya laki 6 ya baadaye. Sababu ya pili ni umeme hafifu mwishoni mwa laini ndefu. Mota imetengenezwa kwa volti 400 kati ya njia na njia. Pima wakati kinu kinasaga, siyo kikiwa kimezimwa, na ukiona chini ya 360 usikubali kuanza kazi mpaka TANESCO wamerekebisha.

Siku ya kuondoa

Baada ya miaka 10 kila mashine ina thamani iliyobaki na usumbufu wake. Injini kuukuu bado ina mnunuzi, kwa sababu inabebeka na hufanya kazi nyingine: kuvuta maji, kukoboa mpunga. Weka laki 5, toa laki 1 ya kuing'oa, kuisafirisha na kupeleka oili chafu kwa anayeipokea. Hesabu hiyo ya oili si ya kupuuzwa: injini hii itakuwa imetoa lita 200 za oili chafu katika miaka 10, na banda la kusagia chakula cha watu si mahali pa kuzimwaga. Inabaki laki 4.

Mota huuzwa kwa shaba iliyomo hata kama imekufa. Baada ya gharama za kuitoa, weka laki 4 na nusu.

Na ile laini ya milioni 9? Sifuri. Ukishazilipia nguzo na nyaya, huwezi kuzing'oa na kuziuza siku ukihama. Hili ndilo fungu linalotenganisha vibaya mashine hizi mbili, maana anayenunua injini akishindwa biashara mwaka wa pili anaweza kurudishiwa sehemu nzuri ya fedha zake, lakini aliyevuta laini hawezi. Usiliingize kama mali katika mstari wa mwisho, hata kama kwenye kikao cha kikundi mtu atasema kwamba umeme umeongeza thamani ya kiwanja. Huenda umeongeza, lakini hesabu hii ni ya kinu.

Jumla ya kwanza, ambayo hudanganya

Ukijumlisha tu, dizeli kwa miaka 10 ni milioni 3 za kununua, milioni 40.72 za mafuta na matengenezo ya kila mwaka, laki 9 za kufungua injini, toa laki 4 za mauzo: milioni 44.22. Umeme ni milioni 12.2, milioni 16.42 na laki 6, toa laki 4 na nusu: milioni 28.77. Umeme umeshinda kwa milioni 15 na zaidi, na unaweza kushawishika kusaini leo.

Subiri kidogo. Jumla hiyo inachukulia kwamba shilingi utakayoitoa mwaka wa kumi ina uzito sawa na shilingi unayoitoa asubuhi hii. Anayekopa anajua si kweli. Milioni 9.2 za ziada unazozika kwenye nguzo zingeweza kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza Februari, au kupunguza deni linalozaa riba. Ni lazima kila gharama ya mbele irudishwe kwenye thamani ya leo.

Riba ya kurudishia uipate hivi. Kama benki inakukopesha kwa asilimia 18 kwa mwaka na bei za vitu zinapanda kama asilimia 3, riba halisi ni karibu asilimia 15. Kwa kuwa bei zetu zote za dizeli, umeme na fundi tumeziweka za leo bila kuzipandisha kila mwaka, ndiyo riba halisi inayofaa, siyo ile ya benki nzima. Kikundi ambacho fedha zake huzungushwa kwa wanachama kwa riba ya juu zaidi kitumie hiyo ya juu.

Kwa asilimia 15, shilingi milioni moja ya kulipwa mwakani ni laki 8 na elfu 70 leo, kwa sababu unaigawa kwa 1.15. Ya mwaka wa tano, ukigawa hivyo mara tano, ni laki 4 na elfu 97. Ya mwaka wa kumi ni laki 2 na elfu 47 tu. Gharama inayojirudia ileile kila mwaka kwa miaka 10 huna haja ya kuigawa mara kumi: izidishe kwa 5.02, ambayo ni jumla ya vipande vyote kumi. Hii hapa picha kamili, kwa mamilioni ya shilingi za leo:

| | Dizeli | Umeme |
|---|---|---|
| Kununua na kufunga | 3.00 | 12.20 |
| Dizeli au uniti | 18.43 | 7.74 |
| Matengenezo ya kila mwaka | 2.01 | 0.50 |
| Matengenezo makubwa | 0.39 | 0.30 |
| Mauzo mwishoni | −0.10 | −0.11 |
| Jumla | 23.73 | 20.63 |

Umeme bado umeshinda, lakini milioni 15 zimekuwa milioni 3.1. Angalia pia kilichotokea kwa mauzo ya mwishoni: yale malumbano juu ya injini kuukuu itauzwa laki 4 au laki 6 hayana uzito wowote, na usiyapotezee kikao.

Ukitumia kompyuta au simu yenye karatasi ya hesabu, weka gharama ya kununua kwenye B2 na gharama za mwaka wa 1 hadi wa 10 kwenye B3 hadi B12, mauzo ya mwishoni yakiwa yametolewa katika B12. Kisha andika:

```
=B2+NPV(15%,B3:B12)
```

B2 inabaki nje ya mabano kwa makusudi. Fomula hii huchukulia fungu la kwanza ndani ya mabano kuwa limelipwa mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiweka bei ya kununua ndani, utaipunguza kwa asilimia 13 bila sababu, na atakayependelewa ni yule mwenye bei kubwa ya kununua.

Kosa jingine ni kuhesabu riba mara mbili. Kama umeshatumia asilimia 15 kurudisha gharama kwenye leo, usiongeze tena marejesho ya benki kama gharama ya kila mwaka. Riba imeshaingia. Nimeona makadirio ya mikopo yanayoangusha mashine nzuri kwa kosa hili moja.

Gusa namba, uone ipi inatikisa

Hesabu ya mara moja haitoshi kuamulia. Chukua kila namba usiyo na uhakika nayo, ibadilishe, uone kama mshindi anabadilika.

Anza na kazi. Tuseme wateja si kilo 300 kwa siku bali 150. Gharama ya mafuta na uniti inashuka nusu, matengenezo ya kila mwaka ya injini nayo nusu, na injini inayozunguka saa 240 tu kwa mwaka haifikii kufunguliwa ndani ya miaka 10. Lakini laini ya milioni 9 haishuki hata shilingi. Dizeli inakuwa milioni 13.1 na umeme milioni 16.8. Mshindi amegeuka. Mahali mizani inapolala sawa, kwa bei hizi, ni karibu kilo 230 kwa siku.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba namba muhimu kuliko zote haiko kwa muuzaji wala TANESCO, iko kwa wateja wako. Usiipate kwa kuuliza watu kikaoni watasaga kiasi gani, kwa sababu kila mmoja atataja kiasi cha familia yenye heshima. Kaa na daftari kwenye kinu kilicho jirani, andika debe zinazoingia kwa wiki moja ya mavuno na wiki moja ya njaa, halafu jiulize ni wangapi kati ya hao watavuka kuja kwako.

Geuza riba. Kikundi kilichopata mkopo usio na riba wa halmashauri, ambacho fedha zake zisingezaa mahali pengine zaidi ya asilimia 5, kitaona umeme ukiongoza kwa karibu milioni 9.8 kwa kilo zilezile 300. Hivyo vikundi viwili jirani, vyenye kinu sawa na wateja sawa, vinaweza kuamua tofauti na vyote vikawa sahihi.

Geuza laini. Kwa kilo 300 na asilimia 15, umeme unabaki mshindi mpaka gharama ya laini ifike kama milioni 12. Ikipita hapo, dizeli.

Mwisho geuza kukatika kwa umeme, jambo linaloachwa nje ya karatasi nyingi kwa sababu halina risiti. Ukisaga kwa shilingi 2,000 kwa debe, ni kama shilingi 100 kwa kilo. Ukitoa umeme wa shilingi 17, kila kilo isiyosagwa inakunyima shilingi 83. Ukipoteza siku 20 kwa mwaka zaidi ya ambazo ungepoteza kwa dizeli, ni kilo 6,000, karibu laki 5 kwa mwaka, au milioni 2.5 kwa thamani ya leo. Faida ya milioni 3.1 inabaki laki 6. Lakini uhesabu kwa uaminifu pande zote. Mteja aliyekuta giza leo akarudi kesho si hasara. Hasara ni yule aliyebeba debe lake kwa mwingine. Na injini ya dizeli nayo hulala, ikisubiri nozo kutoka mjini au dizeli wakati barabara imekatika na mvua. Unachohitaji ni tofauti ya siku, siyo siku za umeme peke yake.

Kama tayari una injini

Wengi watakaosoma hapa hawaanzi na banda tupu; wana injini ya dizeli ya mwaka wa nne na wanajiuliza kama wahame. Bei waliyonunulia imeshaondoka na isiingie popote. Kinachoingia upande wa dizeli ni kiasi ambacho injini ingeuzwa leo kama ilivyo, kwa sababu kuendelea nayo ni kukataa fedha hiyo, pamoja na ule ufunguzi wa laki 9 ambao sasa umesogea na kuwa wa mwaka wa pili. Ukilinganisha mashine zenye miaka tofauti ya kuishi, gawanya jumla ya kila moja kwa kizidishi cha miaka yake ili upate gharama ya mwaka mmoja. Kwa mfano wetu wa miaka 10, dizeli ni milioni 23.73 kugawa kwa 5.02, kama milioni 4.7 kwa mwaka, na kila kilo ya unga inabeba shilingi 52 hivi. Umeme ni milioni 4.1 kwa mwaka, shilingi 46 kwa kilo. Namba hiyo ya mwisho, ukishaiongezea mshahara, nyundo na vingine tulivyovifuta mwanzoni, iandike ukutani karibu na mizani, maana siku mshindani atakaposhusha bei ya debe, itakuambia unaweza kumfuata hadi wapi.

Kabla kikundi hakijatoa hata shilingi ya mota, kiwe na karatasi tatu mezani: gharama ya laini yenye mhuri, vipimo vya uniti au lita ulivyovichukua mwenyewe, na daftari la debe kutoka kwenye kinu cha jirani. Daftari likionyesha chini ya kilo 200 kwa siku na nguzo ziko mbali kama katika mfano huu, nunua dizeli. Likionyesha zaidi ya 300 na umeme wa njia tatu unakatika kwa nadra, lipia nguzo. Kati ya hapo, rudi uhesabu upya kwa bei za kijiji chako.